Barua ya ruzuku kwa katuni ya dakika kumi: anzeni na ndoo, kisha hesabuni sekunde

*"Assalaam alaykum. Tuko vijana watatu, studio yetu ndogo ipo Mwanakwerekwe. Tunataka kuomba ruzuku ya kutengeneza katuni ya dakika kumi kuhusu kuhifadhi maji. Hatujawahi kuandika barua ya namna hii. Tuanze wapi, na bajeti tuitajeje bila kuonekana tumekisia? Aliyewahi kupata atusaidie."*

Waalaykum salaam wadogo zangu. Sisi tulikuwa wawili, chumba kimoja Mikunguni, na barua yetu ya kwanza ilikataliwa. Tuliianza kwa "maji ni uhai", tukaeleza kuwa jamii inahitaji elimu, halafu tukataja jumla ya fedha chini kabisa. Mfadhili alitujibu kwa sentensi moja: hakuelewa nani atafanya nini tofauti baada ya kuiangalia filamu. Aliuliza haki yake. Hata sisi wenyewe tulikuwa hatujui.

Tukakaa tukatafuta jambo moja tu ambalo mtu anaweza kulibadilisha siku hiyohiyo, bila fundi na bila fedha. Tukaamua udhu. Tukamwomba imamu wa mtaani kwetu ruhusa, na baada ya laasiri tukaweka ndoo ya lita ishirini chini ya mfereji wa msikiti, kila mtu akitawadha tunapima kilichomo kwa kopo la lita moja. Kijana aliyeufungua mfereji tangu bismillahi mpaka akamaliza miguu alituachia lita saba. Mzee mmoja aliyekuwa akiufunga kila baada ya kiungo hakufika lita mbili. Udhu mmoja, mfereji mmoja. Na sote tumesomeshwa chuo cha Kurani kwamba Mtume (S.A.W.) alitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita.

Barua ya pili tukaianza na ndoo ile. Nawawekea aya yake ya mwanzo kama tulivyoiandika:

*"Katika msikiti wa mtaa wetu tulipima maji ya udhu. Aliyeacha mfereji wazi alitumia lita saba. Aliyeufunga kila alipomaliza kiungo alitumia chini ya lita mbili. Unguja haina ziwa wala mto mkubwa. Maji yetu mengi huvutwa kutoka ardhini, ndani ya mawe ya matumbawe, na chini ya maji hayo matamu yapo ya bahari. Tukivuta kupita kiasi, ya chumvi hupanda. Tunaomba ruzuku ya kutengeneza katuni ya dakika kumi itakayomfundisha mtoto wa chuo na wa skuli jambo moja: kufunga mfereji kati ya kiungo na kiungo."*

Angalieni kwamba fedha, studio na vipaji vyetu havimo humo. Msomaji kwanza aione ndoo. Kama mfadhili wenu anatoka nje, ongezeni sentensi moja ya kueleza udhu ni nini na kwamba mtu huweza kutawadha mara tano kwa siku, maana bila hiyo lita saba hazimwambii kitu. Nanyi msichukue namba zangu. Pimeni kwenu, kwa sababu ataulizia mlipima wapi na vipi, na aliyepima hujibu bila kubabaika.

Sasa bajeti, ambayo ndiyo iliyotuangusha zaidi. Dakika kumi ni sekunde 600. Kwa fremu 24 kila sekunde, hiyo ni fremu 14,400. Hata mkishikilia kila mchoro kwa fremu mbili, kama wengi wetu tunavyofanya, bado ni michoro 7,200. Mtu asiyechora hajui hili, anadhani dakika kumi ni kazi ya wiki mbili. Mwandikieni waziwazi.

Lakini msikisie kasi yenu. Tengenezeni kwanza kipande cha majaribio cha sekunde ishirini, kwa mtindo uleule mtakaoutumia kwenye filamu, na mwandike kila siku mmemaliza sekunde ngapi. Sisi tulikuwa tunatumia vikaragosi vya kukatwa vipandevipande, mkono mbali, kichwa mbali, na kila mmoja alitoa sekunde tano zilizokamilika kwa siku. Watu wawili ni sekunde kumi kwa siku, kwa hiyo sekunde 600 ni siku 60 za kazi. Tukaongeza siku 15 za marekebisho. Kwa posho ya shilingi 40,000 kwa mtu kwa siku, siku 75 za watu wawili zikawa shilingi 6,000,000. Mstari huo mfadhili hakuugusa hata kidogo, kwa sababu kila namba ilitoka kwenye namba iliyotangulia, na kipande cha sekunde ishirini tulikiambatanisha akione. Nyinyi mko watatu, lakini kama mmoja wenu ndiye wa sauti na uhariri, msimhesabu kwenye uchoraji.

Ratiba yetu ilikuwa wiki nne za hadithi, storibodi na animatiki, wiki kumi na tano za kuchora na kurekebisha, na wiki mbili za kuchanganya sauti na kumalizia. Kosa letu: hatukuangalia kalenda ya Kiislamu. Ramadhani ilituingilia katikati ya uchoraji, tukashuka kutoka sekunde tano hadi tatu kwa siku, na ikabidi tuombe muda. Wekeni wiki hizo kwenye ratiba tangu mwanzo.

Jambo jingine la kulitilia mkazo ni animatiki, yaani michoro ya penseli iliyopangwa kwa muda wake halisi pamoja na sauti za kurekodi kwa simu. Andikeni kwenye barua kwamba mfadhili ataiona na kuikubali kwa maandishi kabla hamjaanza kuchora. Sababu ni hii: wakati wa animatiki, kubadilisha onyesho la sekunde 30 ni kazi ya asubuhi moja. Likishachorwa, kwa kasi ya sekunde tano ni siku sita za mtu mmoja, yaani shilingi 240,000. Kwetu alitaka mtoto wa kwenye hadithi awe wa kike badala ya wa kiume. Alisema wakati wa animatiki, tukabadilisha, hakuna aliyeumia. Angesema baadaye tungeanza upya.

Na malipo yafuate hatua hizo. Sisi tuliomba asilimia 30 wakati wa kusaini, 40 animatiki ikikubaliwa, 20 picha zikikamilika, na 10 akikabidhiwa filamu. Msikubali kungoja fedha nyingi mpaka mwisho, kwa sababu posho za wachoraji zinatoka katikati.

Sauti za wahusika rekodini kabla ya kuchora midomo, na muwatafute watoto wanaozungumza Kiunguja chao cha nyumbani. Kibali cha BASSFU, baraza la sanaa na sensa ya filamu la Zanzibar, kiwe na mstari wake kwenye bajeti na wiki zake kwenye ratiba. Kompyuta mpya msiiombe kwenye barua ya kwanza. Wafadhili wengi hawanunui vifaa, na sisi hilo ndilo lililokatwa.

Barua yenyewe isizidi kurasa mbili. Nyuma yake ambatanisheni mchanganuo wa bajeti, kile kipande cha sekunde ishirini, na barua ya ustadhi au mwalimu mkuu mmoja anayesema ataionyesha filamu kwa watoto wake, na ni wangapi. Sisi ustadhi wetu aliandika kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari, kwamba ana wanafunzi 64 na birika nne, na kwamba yuko tayari tuje kupima tena ndoo baada ya filamu.