Mteja wangu alilipa advansi kwa mwokaji mwingine akidhani ni mimi

Juzi dada mmoja anayeuza sabuni za maji ameniandikia: "Dada, muda wa kuposti unautoa wapi? Mimi niko peke yangu, na mtoto mgongoni." Nilicheka. Naposti mara mbili tu kwa wiki.

Mwaka juzi mama mmoja aliyekwisha kula keki zangu mara mbili alinipigia, keki ya kipaimara imechelewa. Oda yake sikuwa nayo. Kumbe advansi ya shilingi 40,000 alimtumia mwokaji mwingine, tena mtu mwaminifu tu, keki ilifika jioni. Mama akaniambia: "Mwanangu, kila mwezi una sura mpya, nitakujuaje?" Mwezi ule Instagram nilikuwa nimeweka uso wangu, WhatsApp waridi, TikTok nembo ya zambarau. Bado inaniuma.

Nikaamua posti zangu zote zifanane, nikaanza na ubao. Kipande cha plaiwudi, rangi ya krimu, kinasimama kwenye meza iliyo karibu na dirisha la jikoni. Kila keki inapigwa picha hapo kabla haijaingia boksini, mchana, taa imezimwa. Taa ndiyo iliyokuwa ikinigombanisha na wateja: balbu yangu ni ya njano, aisingi nyeupe inatoka kama siagi, na mtu anauliza kwa nini keki aliyoletewa si ile ya pichani. Keki ikiisha usiku, inasubiri asubuhi. Mteja akiichukua usiku huohuo, picha hiyo naisamehe, siiposti.

Pili ni rangi. Zamani nilikuwa naikisia kwa jicho, kila posti ikawa na maruni yake. Sasa nimeandika namba yake, `#7B1E3A`, kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye friji. Nikifungua Canva naichapa hivyohivyo. Nina kiolezo kimoja tu. Nakinakili, nabadilisha picha na bei, basi. Fonti siigusi hata nikiichoka, na ninyi msiiguse! Mnaichoka kwa sababu mnaiona kila siku. Mteja anaiona mara moja kwa mwezi.

Maandishi nayaweka katikati. Mwaka 2025 Instagram ilipobadilisha picha za ukurasa wa wasifu kutoka mraba kuwa ndefu, bei nilizoziandika pembeni kabisa zilikatwa, nikashinda nikijibu "bei gani?" Siku hizi hata jibu hilo limo kwenye WhatsApp Business: nachapa `/bei`, ujumbe wote unatoka, kwa maneno yaleyale.

Kazi yote ni kama dakika arobaini, Jumapili baada ya ibada. Picha mbili naziratibu zitoke Jumanne na Ijumaa, na hizohizo naziweka stetasi. Wiki ya harusi tatu siposti kitu, na sijawahi kuomba radhi. Yule mama amerudi, oda ya mwisho alinitumia picha ya skrini ya posti yangu, jina limekatwa, chini ameandika: "Hii ni yako, nimeona ubao."