Nguzo za mwisho za grafu

"Insidensi na prevalensi zinanichanganya, na grafu ya mlipuko siielewi."

Mdogo wangu, tuseme kijiji cha watu 1,000 kina kipindupindu. Jumatatu asubuhi wagonjwa ni 10. Hadi Jumapili wameongezeka 20, na 15 wamepona. Insidensi ya wiki ni wale wapya 20, kwa watu 990 waliokuwa wazima. Prevalensi ya Jumapili ni 15 wanaoumwa bado, kati ya 1,000.

Grafu ya mlipuko, yenye nguzo moja ya idadi ya wagonjwa kwa kila siku, ichore kwa tarehe mtu alipoanza kuharisha, siyo aliyofika kituoni. Ikipanda ghafla kisha ikashuka, shuku chanzo kimoja, kama kisima. Nguzo za siku mbili tatu za mwisho usiziamini: ni fupi kwa sababu wengine walioanza kuumwa siku hizo bado wako nyumbani. Mimi zilinidanganya, tukapunguza vitanda mapema. Ukiona zamuni hata mgonjwa mmoja anayeharisha maji kama ya mchele, mwambie msimamizi wako saa hiyohiyo.