Filta yako ikishuka 17 badala ya 20, usikimbilie kung'oa kapasita

Juzi usiku nimepata meseji ya dogo mmoja wa Ujiji: "Shikamoo kaka, filta yangu inashuka desibeli 17 tu masafa yakipanda mara kumi toka kwenye kona, kitabu kinasema 20, nimeshabadilisha kapasita mara mbili, nifanyeje?" Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana hiyo 17 naijua mimi, ilishanila wiki nzima.

Nilikuwa nasoma diploma, likizo nimerudi nyumbani Mwanga hapa Kigoma, projekti yangu ni filta ya sabwufa. Rezista kilo-omu 10, kapasita nanofaradi 100 kwenda ardhini, signali unaichukua juu ya kapasita. Basi. Masafa ya kona, pale filta inapoanza kuishusha signali, yanatoka hivi:

```
fc = 1/(2*pi*R*C) = 159 Hz
```

Naingiza volti 10, nasoma kwenye oskiloskopu ya kuazima. Kwenye 159 napata volti 7.07, yaani nimeshuka desibeli 3. Kwenye 1590 napata volti 1, yaani chini desibeli 20. Nikatoa, 20 kasoro 3, 17. Nikaandika hivyohivyo kwenye ripoti na mwalimu akapiga duara jekundu, "vipimo vya kubuni, rudia", mbele ya wenzangu. Nikang'oa kapasita, nikaweka nyingine, nikang'oa tena, 17 ileile. Mpaka leo ile duara inaniuma, kwa sababu vipimo vyangu vilikuwa SAHIHI.

Sikiliza dogo, na wengine mnaosoma kimyakimya. Ile 20 haianzii kwenye kona. Mstari ulionyooka ulio kwenye grafu ya Bode, ile ya desibeli dhidi ya masafa, ni wa kuchorea tu, grafu yenyewe inajikunja taratibu, ikifika kwenye kona imeshalala desibeli 3 chini ya mstari. Ukitaka kuiona 20 kamili pima dekedi inayofuata, yaani masafa mara kumi tena, toka 1590 mpaka 15900. Mimi nilipima nikapata toka volti 1 mpaka karibu 0.1, ndiyo hiyo.

Na kwa nini 20? Usikariri, angalia kapasita yenyewe. Kwenye 159 upinzani wake ni kilo-omu 10, sawa na rezista (hupati nusu, yaani volti 5, kwa sababu voltiji ya rezista na ya kapasita hazifiki kileleni kwa pamoja). Kwenye 1590 upinzani wa kapasita umebaki kilo-omu 1. Kwenye 15900 ni omu 100 tu. Sasa huko juu anayeamua mkondo ni rezista peke yake, volti 10 kwa kilo-omu 10 ni miliampea 1, haibadiliki tena. Miliampea 1 kwenye kilo-omu 1 ni volti 1, kwenye omu 100 ni volti 0.1. Masafa mara kumi, voltiji inagawanywa kwa kumi, na mara kumi ya voltiji kwa desibeli ni 20 kwa sababu logi ya 10 ni 1 na tunazidisha kwa 20. Hiyo kona inayoangusha grafu ndiyo poli. Poli moja 20, poli mbili 40, ndo maana filta za sabwufa za maana zina kapasita zaidi ya moja.

Ila nisijisifu sana, kuna sehemu nilikosea mimi. Nimesema "karibu 0.1", kumbe kwenye 15900 nilisoma volti 0.14, nikasema aah makelele ya waya. Nikapanda mpaka 159000, nategemea milivolti 10, napata 100. Grafu imeacha kushuka kabisa, imelala kama ziwa asubuhi! Bodi niliyotumia ilikuwa ya redio mbovu, na njia ya kapasita kwenda ardhini ilikuwa na karezista ka omu 100 nilikokaona nikakadharau. Kapasita ikishuka chini ya omu 100, hako ndo kanakobaki, na omu 100 haijali masafa. Hiyo ndiyo ziro, ipo palepale kapasita inapolingana na karezista, 15900. Ziro inapandisha mteremko kwa 20, poli ilikuwa inashusha 20, ukijumlisha unapata tambarare. Kama mwalimu angepigia duara HAPO ningemshukuru.

Kwa hiyo dogo rudisha kapasita yako ya kwanza. Pima 1590, kisha 15900, kisha 159000. Ukikuta grafu imelala huko mwisho, fuata njia ya kwenda ardhini kwa mita, umeme umezimwa, kabla hujashika chuma cha kulehemu. Hiyo kapasita uliyoitupa naiomba, bado nzima.