Papa barabarani: maswali ya watangazaji kuhusu picha za kutilia shaka

*Redioni hakuna picha. Nitawafundishaje watu kukagua kitu wasichokiona?*

Chagua picha moja tu, uisimulie mpaka waione. Mimi hutumia ile ya papa anayeogelea kwenye barabara iliyofurika, imepigwa kutoka ndani ya gari. Mwaka 2011 ilienea ikidaiwa ni Puerto Rico baada ya kimbunga Irene. Mwaka 2017 ikarudi, safari hii ikidaiwa ni Houston wakati wa kimbunga Harvey. Papa mwenyewe alikatwa kutoka picha ya Thomas Peschak iliyopigwa baharini Afrika Kusini, akimfuata mtu ndani ya mtumbwi mdogo, na ilikuwa imechapishwa tangu 2005. Anza kwa kusema "picha hii ni ya uongo", ndipo usimulie, kisha urudie mwishoni. Anayefungua redio katikati akaondoka na simulizi tupu, umemwongezea uongo.

*Hatua ya kwanza, ya kutafuta chanzo cha picha, nimweleze vipi mama wa sokoni mwenye simu ya tachi?*

Mwandikie hivi, na kila sentensi uisome mara mbili polepole: "Hifadhi picha kwenye simu. Fungua Google, gusa alama ya kamera, chagua picha ile. Tazama imetokea wapi kwingine, na lini." Tarehe ndiyo jambo lenyewe: mafuriko ya jana hayawezi kuwa mtandaoni tangu miaka sita iliyopita. Kwenye TinEye, tovuti nyingine ya kutafuta kwa picha, kuna chaguo la Oldest linaloleta nakala ya zamani kwanza.

*Nimetafuta, haikuja hata moja. Basi ni ya kweli?*

Hapana. Huenda ni mpya mno, au imegeuzwa kulia kushoto, na hiyo huweza kuupoteza utafutaji. Hapo ndipo hatua ya pili, kukagua kilichomo. Wakisema ni Jangwani, Dar es Salaam, tazama magari: sisi tunapita kushoto, na namba za magari ya binafsi huanza na T. Soma mabango ya maduka. Herufi zikiwa kinyumenyume, picha imegeuzwa. Zikiwa za lugha isiyo ya hapo, umeshapata jibu.

*Wasikilizaji wangu wengi wana kitochi. Je, hao?*

Kwao ni hatua ya tatu, na naipenda kuliko zote: kumuuliza aliyeileta habari, "Umeipiga wewe?" Mara nyingi jibu ni "nimetumiwa tu". Basi mpigie mtu anayekaa pale. Redio ya jamii ina wasikilizaji kila mtaa. Mmoja akisema barabara ni kavu, umemaliza. Akidai ameipiga mwenyewe, mwombe nyingine ya upande wa pili wa eneo lile, na aitume WhatsApp kama Document, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida taarifa za saa na mahali ilipopigwa hufutika.