Mvua ya upepo inavyopanda paa: kuziba kofia na gebo

Doa likijitokeza kwenye dari chini ya kilele cha paa, fundi wengi huanza kukagua misumari. Kabla ya kupanda, uliza kwanza: linavuja kila mvua au ile ya upepo tu? Kama mvua kubwa iliyotulia haileti tone, lakini mvua ndogo yenye upepo wa upande mmoja inalowesha dari, misumari haina kosa. Maji yanapanda bati yakipita chini ya kofia, lile bati linalofunika kilele, au yanaingia pembeni kwenye gebo, yaani upande wa paa wenye ukuta wa pembetatu.

Maji hupandaje? Upepo wa kilomita 72 kwa saa unaweza kuyasukuma maji hadi kimo cha takriban milimita 25. Kwenye paa lenye mwinuko wa nyuzi 20, kimo hicho ni sawa na milimita 73 ukipima kufuata mteremko wa bati. Kwenye paa lililolala la nyuzi 10, ni milimita 144. Kofia yenye bawa la milimita 150 kila upande basi imebakiwa na milimita 6 tu, na hapo hatujahesabu matone yanayoruka. Ndiyo maana kofia ileile huwa kavu kwenye paa lililosimama na ikavuja kwenye paa lililolala.

Kinga ya kwanza haigharimu kitu. Kabla ya kufunga kofia, kunja juu ncha ya kila bonde la bati kwa koleo pana, ili maji yaliyopanda yakute kizuizi. Kunja taratibu; ukivuta kwa nguvu bati huchanika kwenye kona ya mgongo, na umejitengenezea tundu jipya. Kwa paa lililo chini ya nyuzi 25 usiiruke hatua hii hata kama utaweka sponji.

Kinga ya pili ni sponji zilizokatwa kufuata umbo la bati. Ziwe za bati hilohilo, kwani tofauti ndogo ya mgongo huacha mwanya kila bonde. Pia ziwe za aina isiyonyonya maji: zamisha kipande, kitoe, kikamue. Kikitoa maji, kiache dukani. Sponji inayonyonya hukaa na unyevu juu ya bati na kuliozesha kimyakimya. Ipange ndani kidogo ya ukingo wa kofia, milimita 25 hivi, jua lisiifikie. Paka mstari wa silikoni chini yake na mwingine juu yake, kisha funga kofia kwa skrubu zinazopita kwenye migongo mpaka kwenye papi, yaani mbao zinazobeba bati. Silikoni yenye harufu ya siki usiitumie, kwa sababu asidi yake hula zinki.

Tuchukue kilele cha mita 9, na bati linalofunika milimita 750. Ni bati 12 kila upande, kwa hiyo sponji 24. Mistari minne ya silikoni ni mita 36, lakini inapanda na kushuka migongo, basi hesabu kama mita 43. Mrija wa mililita 300 ukiutoa kwa unene wa milimita 6 hufika mita 10 na kidogo, nunua mitano. Kofia za mita 2.4 zinazolaliana milimita 150 zitatosha nne. Anza kuzipanga kutoka upande ambao upepo hauji, ili mdomo wa kila kiungo uupe upepo mgongo.

Sehemu inayosahaulika kuliko zote ni ncha ya kofia pale inapokutana na gebo. Ikiachwa wazi ni bomba: upepo unaingia na maji mpaka katikati ya nyumba, na doa linatokea mbali na tundu. Kata kipande cha bati cha pembetatu, kiwe na masikio ya kukunja, kifunge kwa ribiti na silikoni.

Kwenye gebo lenyewe, bati la mwisho liishie kwenye mgongo, lisiishie bondeni. Likiishia bondeni, maji yanamwagikia ukutani hata bila upepo. Bati la kukunja la pembeni lifunike mgongo mmoja mzima, lishuke mbele ya ubao wa ukingo wa gebo walau milimita 50, na ukingo wake wa chini ukunjwe nje kidogo ili maji yadondoke badala ya kurudi ubaoni. Kati yake na mgongo weka utepe wa butili, na skrubu kila milimita 500. Vipande vyake vilaliane kama bati: cha juu kikikalia cha chini.

Ukimaliza, ingia darini saa sita mchana. Mwanya ulioachwa utaonekana kwa mwanga. Kisha mtu amwage maji kwa mpira, akianzia chini na kupanda, huku akielekeza maji juu kufuata bati. Kukivuja, umepata tundu. Kusipovuja, bado subiri mvua ya upepo, kwa sababu mpira wa maji hauna shinikizo la upepo.