Bendi ndogo, na albumini niliyoipita

Wadogo zangu wa benchi, wiki hii nimekagua ripoti tatu za elektroforesi zenye maneno yale yale: "Bendi ndogo ya kloni moja, rudia baada ya mwaka." Wote watatu ni wazee, na kwa wote bendi ilionekana kwa bahati tu, kipimo kikiwa kimeombwa kwa sababu nyingine. Nimeshtuka, maana sentensi hiyo niliwahi kuiandika mimi.

1. Hakikisha kwanza kwamba ni bendi kweli. Ikikaa kati ya beta na gamma, shuku fibrinojeni: pengine damu haikuganda sawasawa, au mgonjwa yuko kwenye heparini. Imunofiksesheni isipoonyesha chochote kwenye IgG, IgA, IgM, kapa wala lamda, omba sampuli mpya iliyoganda vizuri kabla hujaandika neno "kloni".

2. Msimtishe mzee wa watu bure. Kati ya watu 100 waliovuka miaka 50, kama watatu wanayo, na baada ya 70 wanafika kama watano. Wanaoishia kwenye mayeloma au magonjwa ya ukoo wake ni kama mmoja kwa kila 100 kwa mwaka. Ikiwa ni IgG, iko chini ya 15 g/L, na uwiano wa minyororo myepesi huru uko kati ya 0.26 na 1.65, hatari ni ndogo zaidi. Hemoglobini, kalsiamu na kreatinini ziangaliwe hata hivyo.

3. Someni mstari wote, msiishie kwenye gamma. Hapa ndipo nilipomkosea mtu.

Alikuwa mama wa miaka 71. Fomu ilisema "uchovu, ESR iko juu", basi. Kwenye gamma palikuwa na kijinundu chembamba, ungeweza kukifunika kwa ncha ya penseli. Imunofiksesheni ikatoa IgG lamda, densitometa ikasoma 4 g/L. Nikafurahi kwamba nimekiona, maana ni rahisi kukipita. Nikaandika kwamba ni bendi ndogo, hatari ni ndogo, arudie baada ya mwaka. Nikasaini, nikachukua sampuli inayofuata.

Miezi mitano baadaye jina lake likarudi, safari hii na fomu ya wodi: miguu imevimba hadi magotini, mkojo una povu, anahema akipanda ngazi. Kipande cha figo kilipokatwa na kupakwa Kongo nyekundu, kikaonyesha amiloidi ya lamda. Moyo nao ulikuwa umeshaingiliwa.

Nilitoa mstari wake wa kwanza nikauweka mezani. Albumini, ambayo kwa kawaida ndiyo mlima wa picha nzima, ilikuwa imeshuka hadi 24 g/L. Pembeni yake alfa-2 ilikuwa imesimama wima. Kila mmoja wenu anaijua sura hiyo: figo zinavuja, albumini inapotea kwenye mkojo, na alfa-2-makroglobulini inabaki kwa sababu ni kubwa mno kupita. Iliandikwa pale pale, sentimita chache kutoka kwenye kijinundu changu, siku ile ile niliyosaini. Macho yangu yalikuwa yamekwenda moja kwa moja kwenye gamma na hayakurudi. Miezi mitano hiyo sikuweza kumrudishia.

Kosa la pili lilijificha ndani ya la kwanza: nilipima hatari kwa ukubwa wa bendi. Kipimo hicho kinafaa unapouliza kama kloni itakua kuwa mayeloma. Kwenye amiloidosi kloni inaweza kubaki ndogo kabisa, kwa sababu kinachodhuru ni mnyororo mwepesi unaojikunja vibaya na kutuama kwenye figo, moyo na neva. Mnyororo huo ukiwa huru, mara nyingi hauonekani kwenye elektroforesi ya seramu hata kidogo. Na neno "hatari ni ndogo" sikuwa na haki ya kuliandika, kwani minyororo myepesi huru haikuwa imepimwa.

4. Kwa hiyo simu iko ukutani, itumieni. Ukiona bendi ndogo, hasa ya lamda, pamoja na albumini iliyoshuka, mpigie daktari umuulize: miguu imevimba? Mkojo una povu? Ganzi miguuni? Anaishiwa pumzi? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, pendekeza protini ya mkojo, minyororo myepesi huru na NT-proBNP wiki hiyo hiyo.

Zile ripoti tatu nimezirudisha. Mbili albumini ni nzuri, zitatoka leo pamoja na ombi la minyororo myepesi. Ya tatu ina albumini ya 27, na daktari wake anasubiri simu ya aliyeisaini.