Mistari 14 kwenye chati ya siku? Futa kwanza

"Wakuu, kuna sarafu naifuatilia inaruka sana. Kwenye chati ya siku nimepata mistari 14 ya sapoti na rezistensi, kila mmoja umeguswa mara tatu au zaidi. Nataka niweke oda ya kununua kwenye kila mstari wa chini. Nichore kwa mikia au kwa miili ya mishumaa? Na nitajuaje mstari upi una nguvu?"

Usiweke oda hata moja, Mkuu. Mambo ya mikia na miili ni madogo. Hiyo 14 ndiyo inayonitia homa, maana najua inakokupeleka, nimeshafika huko na nauli nililipa mwenyewe.

Mwisho wa 2021 nilikuwa nimeingia SOL, sarafu ya mtandao wa Solana. Mwezi Novemba ilikuwa imegusa karibu dola 260, ikaanza kuteremka, na mimi nikajiona nimejipanga kweli kweli. Nilikuwa na mstari 200, mwingine 185, 170, 150, 130, 115, na mingine chini yake. Ungeiona chati yangu ungeuliza mishumaa iko wapi. Kila mstari nimeweka oda ya kununua, kama unavyotaka kufanya wewe sasa hivi.

Watu hudhani hasara ya mistari mingi ni kuingia mahali pabaya. Hapana. Hasara yake ni kwamba hakuna siku utaambiwa umekosea. Bei ilipovunja 185 nilisema aah, sapoti yenyewe hasa iko 170. Ilipovunja 170 nikasogeza stoplosi chini ya 150, na nikaongeza mzigo kwa sababu "nimepata bei nzuri zaidi". Kila nilipotakiwa kutoka, palikuwa na mstari mwingine hatua chache chini unaniambia subiri kidogo. Nilikuwa sina mpango wa kutoka, nilikuwa na ngazi ya kushukia shimoni, na ngazi nimeichonga mwenyewe.

Halafu nikafanya kubwa kuliko hilo. Rudi uangalie chati ya SOL ya mwaka 2021. Mwanzoni mwa Agosti ilikuwa takriban 35, na kufikia wiki ya pili ya Septemba ilikuwa imepita 200. Yaani ilipanda kama wiki tano kwa kupumzika kidogo tu. Kwenye chati ya siku, kati ya takriban 80 na 100 hakuna mahali bei ilikaa, ikageuka, ikakusanya wanunuzi. Kuna mishumaa michache mirefu tu. Hapo hapana sapoti kwa sababu hapana historia. Mimi nilifanyaje? Nikashuka kwenye chati ya saa moja, nikatafuta kila kijituo ambapo bei ilisimama kuvuta pumzi, nikavuta mstari hadi leo. Nikapata mistari mizuri mno pale ambapo sokoni hapakuwa na kitu. Januari 2022 bei ikaingia chini ya 100, na Juni ilikuwa chini ya 30. Desemba, baada ya soko la sarafu la FTX kuanguka, ikafika karibu 8. Sikuwa na mtaji wa kununulia huko chini, maana niliumaliza huko juu kwenye "sapoti".

Sasa nimseme kidogo aliyenifundisha, jina simtaji. Alikuwa na grupu la kulipia, na kila jioni anaweka picha ya chati iliyojaa mistari, na kwenye kila mstari ameweka mshale: ona bei ilivyoheshimu, ona tena hapa. Sikuwahi kumuuliza swali la kipuuzi kabisa: mstari huu uliuchora kabla bei haijafika au baada? Alikuwa anachora baada. Kila siku anaongeza mmoja, unaovunjwa anaufuta kimya kimya, na asubuhi chati yake haijawahi kukosea. Ukitega mitego kila hatua chumba kizima, panya akinaswa usiseme umeijua njia yake. Na yeye ada ilikuwa inaingia soko likipanda na likishuka, hongera zake.

Kanuni niliyobaki nayo ni moja. Jumlisha upana wa maeneo yako yote, yaani kila mstari pamoja na nafasi inayouzunguka. Ukizidi robo ya masafa ya bei unayoyaangalia, futa hadi urudi ndani ya robo. Basi.

Sababu yake ni hesabu tu. Mstari mwembamba haupo kwenye sarafu inayoruka, kila mtu anajua bei hupita kidogo au hugeuka kabla kidogo, kwa hiyo hata wewe unayesema umechora "mstari" kichwani umeshaupa upana. Upana wa haki ni karibu ATR moja ya siku 14, yaani kiasi ambacho sarafu husogea kwa siku ya kawaida. Kitu kidogo kuliko hicho ni kelele za siku moja. Sasa maeneo yako yakifunika nusu ya chati, bei ikigeuka popote kuna nusu ya uwezekano itageukia ndani ya eneo lako hata kama umelichora umefumba macho. Huko "kuheshimiwa" kwa mistari hakukuambii kitu.

Chukua SOL hiyo hiyo, Machi hadi Julai 2024. Bei ilikuwa kati ya takriban 116 na 210, masafa ni dola 94. ATR ya siku wakati ule tuichukulie 10 kwa urahisi wa hesabu. Mistari 14 mara 10 ni 140. Maeneo yako yameimaliza chati yote na chenji imebaki! Robo ya 94 ni kama 23, kwa hiyo una nafasi ya maeneo mawili. Mawili, Mkuu.

Yapi? Hapa ndipo kuhesabu miguso kunapokudanganya. Ukihesabu, mshindi ni katikati, pale 140 hadi 160, maana bei ilipita hapo kwenda na kurudi miezi yote. Ilipagusa sana kwa sababu ilikuwa inaishi hapo. Mguso unahesabu muda bei iliokaa, hauhesabu nguvu ya watu walioigeuza. Mimi siku hizi naangalia bei ilivyoondoka. Ilipotoka eneo lile, ilikwenda angalau ATR tatu kabla ya kurudi? Kama haikwenda, silichori.

Ukitumia kipimo hicho, la kwanza linajitokeza lenyewe: 118 hadi 128. Bei ilifika huko katikati ya Aprili, ikarudi mwanzoni mwa Mei na kuondoka hadi karibu 188, ikarudi tena mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai, halafu ikaondoka hadi juu ya 190. La pili ni 185 hadi 195, ambako ilikataliwa Mei na ikakataliwa tena mwishoni mwa Julai. Jumla ni dola 20, tumo ndani ya robo. Kilele cha 210 cha Machi nimekiacha kama ukingo wa juu wa masafa, sikukipa eneo, kwa sababu nafasi imekwisha. Unaona inavyouma? Robo inakulazimisha uchague, na kuchagua ndiko kunakokwepwa na mwenye mistari 14.

Ikaja tarehe 5 Agosti 2024, siku masoko yote yalipotapika. SOL ikashuka hadi karibu 110, chini ya eneo zima, halafu mshumaa wa siku ukafunga juu ya 120. Siku chache baadaye ilikuwa juu ya 150. Aliyepeleka ukingo wake hadi 110 kwa sababu ya mkia ule alilinenepesha eneo na kuharibu hesabu. Mkia wa siku ya namna hiyo ni watu wa leveriji wanafungiwa nafasi zao kwa nguvu, na kila soko la kubadilishia linaonyesha namba yake tofauti. Kwa hiyo ukingo wa ndani nauweka pale miili mingi ilipofunga, ukingo wa nje pale mikia ya kawaida ilipofika, na mkia mmoja ulioruka peke yake nauacha nje. Na sihukumu eneo limevunjika kabla mshumaa haujafunga, yaani saa 00:00 UTC. Hilo ndilo jibu la mikia na miili, limekwisha.

Kama bado unaipenda mistari yako, ijaribu hivi kabla ya kuweka hela. TradingView kuna kitufe cha Replay. Rudisha chati miezi sita nyuma, chora maeneo kwa kutumia ulichokiona hadi hapo tu, halafu achia mishumaa itembee na uandike ni mara ngapi bei iliingia eneo na kuondoka kwa ATR tatu. Kisha chukua maeneo yale yale, yasogeze yote juu kwa ATR mbili, hadi mahali pasipo na maana yoyote, urudie kuhesabu. Mistari 14 ukiisogeza hivyo utapata matokeo yanayokaribiana na ya mwanzo, na siku nilipoona hivyo kwenye ya kwangu nilifunga kompyuta nikaenda kulala saa kumi na mbili jioni. Maeneo mawili ya kweli ukiyasogeza, yanaharibika. Miezi sita ya chati moja ina matukio machache, kwa hiyo rudia kwenye vipindi vingine na sarafu nyingine kabla hujaamini hesabu.

Masafa yakiwa mapana sana, kwa mfano sarafu iliyotoka 8 ikafika 200, geuza chati iwe ya skeli ya logi na upime upana kwa asilimia, la sivyo dola 10 zako zitakuwa unywele huko juu na ukuta mzima huko chini.

Na weka mapema kitakacholiua eneo. Hilo la 118 hadi 128 lilikuja kufa Aprili 2025, mishumaa ya siku ikafunga chini yake na bei ikashuka hadi karibu 95. Mwenye maeneo mawili aliona siku ile ile kwamba chini hana kitu, akatoka. Mwenye mistari 14 alikuwa na mmoja 115, na 110, na 105. Kwa hiyo ukiingia, andika namba ya kutokea pembeni ya eneo siku unayolichora, na eneo likivunjwa usichore jipya chini yake ukiwa bado umeshika mzigo. Funga nafasi kwanza, ndiyo uguse kalamu.